Mchezo Usiomtoa Mtu

Siku hiyo Mayala alikuwa wa kwanza kutolewa mchezoni, kama alivyokuwa wa kwanza jana yake na juzi yake. Mwalimu Mkuu Boniventura alipuliza filimbi mara mbili, watoto wote wa darasa la kwanza wakakimbilia upande wa kisima, naye Mayala akakimbilia upande wa kanisa, peke yake, akicheka kwa furaha ya kukimbia. Hakujua kwamba amekosea mpaka alipogeuka na kuona kwamba hakuna aliyemfuata.

"Mayala, nje," alisema Mwalimu Mkuu. Hakuwa na ukali wowote. Ndiyo kanuni.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: filimbi moja, kimbilia kanisani, filimbi mbili, kimbilia kisimani, filimbi tatu, chuchumaa papo hapo, na anayekosea anatoka. Mwalimu Mkuu alijifunza mchezo huo chuoni, akaupenda kwa sababu ulifundisha utii na masikio makini. Mayala akaenda kukaa chini ya chuma cha kengele, akawatazama wenzake wakicheza mpaka mwisho wa kipindi.

Mwalimu Klementina, aliyefundisha darasa hilo, alisimama mlangoni huku mikono yake imejaa chaki. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, naye alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja tangu alipoletwa kufundisha katika shule hiyo ya misheni nje kidogo ya Bariadi. Watu walimjua kuwa ni binti wa wachuuzi wa samaki wa Lamadi, na walimjua kwa jambo jingine: alipenda kuuliza. Jambo lililomkera mtu mwingine, yeye lilimtia hamu ya kulijua. Na sasa alijiuliza swali ambalo halikuwa limemjia kabla ya siku hiyo: mtoto huyu husikia nini filimbi inapolia? Huona nini?

Mayala alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, kwa kuwa alikwisha kupita umri wa darasa la kwanza. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache kama vyombo katika nyumba ya mseja. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "tena". Akipewa uji, tena. Akiimbiwa wimbo, tena. Mama yake, Kornelia, alimleta kwa miguu kila asubuhi kutoka Ngulyati, ndipo akageuka kwenda shambani kwake kuchuma pamba.

Jioni Mwalimu Mkuu alimwita Klementina ofisini.

"Pamba ikishauzwa, wazazi na wazee wa kamati watakuja kuitazama shule," alisema. "Watatazama gwaride, watatazama michezo. Yule mtoto akiuvuruga mchezo mbele yao, nitamrudisha kwao. Afadhali nikwambie mapema."

"Anavuruga nini, Bwana Mkuu?"

"Kanuni, mwalimu. Mchezo ni kanuni. Wapo watoto walioikosa nafasi katika shule hii, na baba zao wataketi pale pale uwanjani wakimtazama yeye akikimbia ovyo. Nitawajibu nini?"

 Klementina alilijua tu jambo moja ambalo Kornelia alimweleza siku ya kwanza, akiwa ameinamisha kichwa. Nyumbani watoto wote wa rika la Mayala huenda machungani; yeye hapewi ng'ombe kuchunga, kwa kuwa aliwahi kuwaacha wakaingia katika mtama wa watu. Akirudishwa nyumbani ataketi uani peke yake tangu jua linapochomoza hadi linapotua, siku baada ya siku, mpaka awe mzee.

"Niruhusu nimchunguze kwanza," alisema.

"Mchunguze. Lakini kuchunguza si kuponya, binti yangu."

Kesho yake Klementina alikwenda katika duka la Mustapha kuomba boksi tupu la sabuni. Mustapha alilinyanyua, akaligeuza huku na huku kana kwamba lilikuwa na thamani asiyoijua.

"Unalitaka la nini, mwalimu?"

"Nitamchorea mtoto picha."

"Basi mchoree na mche wa sabuni, mama zao waje kununua." Mtoto wake Maftaha, aliyekuwa katika darasa hilo hilo la Klementina, akacheka nyuma ya magunia ya chumvi. Mustapha akaongeza kipande cha nili bila kuombwa.

Klementina alilikata boksi lile kuwa kadi zenye ukubwa wa sahani. Alichora kwa mkaa, akapaka kwa udongo mwekundu na ile nili: ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe usoni, nyumba ya msonge, na samaki. Samaki alimtoka vizuri kuliko wote, maana ndiye aliyekua naye. Fikra yake ilikuwa nyepesi. Ikiwa masikio ya Mayala hayawezi kuhesabu filimbi, huenda macho yake yataweza kusoma picha. Ng'ombe maana yake ni kanisani, nyumba maana yake ni kisimani, samaki maana yake ni kuchuchumaa.

Aliwaeleza watoto, akawaeleza tena, kisha akainua picha ya ng'ombe. Watoto wakakimbilia kanisani. Mayala aliisogelea picha mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. Uso wake ulichanua. Kisha akageuka, akatoka uwanjani, akapita kando ya jiko la shule, akashika njia ya Ngulyati, wala hakuangalia nyuma.

"Ameshiba shule," alisema Maftaha, na darasa zima likaangua kicheko.

Kilikuwa kipindi cha mwisho. Klementina angeweza kumwita, na pengine mtoto angerudi, kwa kuwa hakuwa mkaidi. Lakini kulikuwa na kitu katika mwendo ule. Mayala hakutembea kama mtu anayetoroka, bali kama mtu aliyetumwa. Kengele ilipopigwa, mwalimu alijifunga kanga yake vizuri, akamfuata kwa mbali.

Walipita mashamba ya pamba yaliyovunwa nusu, wakapishana na lori lililojaa magunia likielekea kiwandani, wakafika kwa Mzee Bundala, babu yake Mayala. Ng'ombe walikuwa machungani, isipokuwa mmoja aliyezaa juzi, naye alifungwa karibu na zizi pamoja na ndama wake. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mayala alisimama ubavuni mwake, mkono juu ya mgongo wake, akamtazama mwalimu kama mtu anayengoja kusifiwa.

Mzee Bundala alikuwa akisuka kamba. Hakuinuka upesi.

"Mwadila, guku," Klementina alimsalimu kwa heshima ya kumwamkia babu.

"Mwadila, mayu," mzee alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Shule imefungwa mapema?"

"Hapana. Nilimwonyesha picha hii, naye akaondoka."

Mzee aliichukua ile picha, akaisogeza mbali na macho yake, akaitazama picha, akamtazama ng'ombe. "Umemchora ng'ombe wetu. Nani alikuonyesha?"

"Sikuonyeshwa, guku. Nimechora ng'ombe yeyote tu."

"Hapa kwetu hakuna ng'ombe yeyote," alisema mzee. "Kila mmoja ana rangi yake, ana jina lake, ana mama yake anayejulikana. Huyu alitoka kwenye mahari ya shangazi yake Mayala. Kwani huko Lamadi, samaki wenu wana majina yao?"

"Hawana. Samaki ni samaki."

"Basi ndiyo maana." Akamrudishia picha na kuendelea na kamba yake.

Klementina alimtazama Mayala pale ubavuni mwa ng'ombe, kichwani mwake kitu kikijipanga taratibu. Mtoto hakutoroka wala hakukosea. Alionyeshwa ng'ombe huyu, naye akaja kwa ng'ombe huyu, safari ndefu na ya jua kali, bila kuyumba. Aliyekosea ni mwenye kadi, aliyechora ng'ombe akitarajia mtoto asome kanisa. Watoto wengine waliweza kuruka kutoka picha hadi mahali pasipofanana nayo. Mayala hakuruka, yeye alitembea kutoka kitu hadi kitu kinachofanana nacho. Basi mahali pa kwenda panapaswa kufanana na picha.

"Umefika, Mayala," alimwambia. "Umefanya vizuri sana."

"Tena," alisema Mayala.

Usiku haukuwa umeingia bado Klementina alipokwisha kutengeneza kadi za pili, pacha wa zile za kwanza. Kesho yake alichomeka miti mitatu uwanjani, akafunga kila picha katika mti wake kwa uzi wa katani. Kadi ya mkononi na kadi ya mtini zilikuwa sawasawa kabisa. Kanuni zote alizifuta, akabakiza moja: ukionyeshwa picha, nenda kwenye picha inayofanana nayo.

Hata hiyo moja hakumpa Mayala yote kwa pamoja. Miti miwili aliifunika kwa gunia, akaacha ule wa ng'ombe peke yake. Alimwonyesha kadi, akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi mtini, wakaziweka picha mbili bega kwa bega. "Zinafanana," alisema, akampigia makofi. Walirudi, wakaenda tena. Baadaye alimsindikiza nusu ya njia tu na kumwachia. Baadaye tena hakumsindikiza, bali alinyoosha kidole. Kisha kidole nacho kikabaki mfukoni. Kila hatua aliiondolea msaada kidogo kidogo, kama mtu anayeondoa nguzo za kuegemeza ukuta, akitazama kama ukuta utasimama.

Alijifunza na yeye. Siku moja Mayala alisimama tu, ameduwaa, na Klementina akajiuliza ni nini kimebadilika. Alijisikiliza mwenyewe. Alikuwa amesema "kimbia", kisha "haya upesi", kisha "twende mwanangu", kwa jambo lile lile moja. Tangu hapo alichagua neno moja, "nenda", hakulibadili tena. Aliona pia kwamba Mayala akichoka, macho yake huhamia angani. Basi akaufupisha mchezo, akauacha huku mtoto angali akiutaka.

Alipoufunua mti wa pili, wa nyumba, mambo yaliharibika. Akionyeshwa nyumba, Mayala alikwenda kwa ng'ombe. Akionyeshwa nyumba tena, alikwenda kwa ng'ombe tena, akitabasamu.

"Nje, Mayala," Maftaha alisema, akiiga sauti ya Mwalimu Mkuu.

Klementina alifungua kinywa kumkemea, akakifunga. Neno lile dogo lilimgusa mahali. Aliwageukia watoto wote. "Hebu niambieni. Katika mchezo wa filimbi, nani hucheza sana?"

"Mimi," alisema Maftaha upesi. "Sitolewi."

"Na nani hucheza kidogo?"

Walimtazama Mayala.

"Na nani anahitaji kujizoeza zaidi?"

Maftaha alikuna kichwa. "Yeye," alisema, kisha akakunja uso kama mtu aliyekuta jiwe katika wali. "Lakini mwalimu, anayekosea akibaki, atajuaje kuwa amekosea?"

Lilikuwa swali zuri, na Klementina alilipokea kama swali zuri. Alimrudisha Mayala mstarini, akampa kadi ya nyumba aishike mwenyewe. Alimpeleka kwa ng'ombe, wakaweka picha mbili bega kwa bega. Mayala alizitazama. Akatikisa kichwa. Wakaenda kwa nyumba, wakaziweka tena. Uso wa mtoto ukachanua kama siku ile ya ng'ombe wa babu yake.

"Atajua hivyo," Klementina alisema.

Siku zile zote Mayala alikosa mara nyingi, akarudi mstarini mara nyingi, na hakuna aliyemtuma chini ya chuma cha kengele. Kisha ikaja asubuhi alipokwenda kwenye nyumba bila kusita, na samaki aliongezwa baada yake.

Maftaha alilalamika kwamba huo ni mchezo wa watoto wachanga. Kwa hiyo yeye na wenziwe waliokuwa wepesi walionyeshwa kadi mbili kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, nao wakapaswa kuzikumbuka kwa mfuatano wake. Sikuzani, msichana mdogo aliyekuwa mwoga wa kusukumwa, alipewa njia yake pembeni. Mstari ulikuwa mmoja, kanuni moja, kila mtu na mzigo wake. Mara ya kwanza alipopewa kadi mbili, Maftaha mwenyewe alikosea. Alijitoa nje kwa mazoea, akaketi.

"Unakwenda wapi?" Klementina alimuuliza.

"Nimekosea."

"Rudi mstarini."

Mayala alimshika Maftaha mkono, akamvuta. "Tena," alimwambia.

Mwalimu Mkuu alikuwa akitazama kutoka dirishani. Alitoka, mikono nyuma. "Mchezo usiomtoa mtu," alisema, "ni mchezo gani huo? Mshindi atajulikanaje?"

"Kila anayefika kwenye picha yake ameshinda, Bwana Mkuu."

"Hm." Alizunguka miti yote mitatu, akaigusa kadi ya samaki. "Siku ya kamati nitauruhusu. Lakini mimi ndiye nitakayeshika filimbi, na kanuni nitakayoitangaza ndiyo nitakayoamulia. Sitapindisha kwa ajili ya mtu. Yule mtoto akikimbia ovyo, neno langu ni lile lile."

"Nakubali," alisema Klementina.

Siku ya kamati jua lilikuwa kali na ardhi imekauka kabisa. Wazee waliketi kwenye viti vya darasani upande mmoja wa uwanja, Mzee Bundala miongoni mwao akiwa amevaa koti lake la sikukuu. Wanawake waliketi kwenye majani upande wa pili, na Kornelia alijibanza nyuma yao kana kwamba alitaka kuona bila kuonekana. Gwaride lilikwenda vizuri. Nyimbo zilikwenda vizuri.

Mwalimu Mkuu alitangaza kanuni kwa sauti ya kanisani: "Mtoto ataonyeshwa picha. Atakwenda ilipo picha inayofanana nayo, asimame hapo. Hakuna zaidi."

Walianza wale wepesi, kadi mbili mbili, na wazee wakapiga makofi. Kisha ikafika zamu ya kikundi cha mchanganyiko, Mayala, Maftaha na Sikuzani, waliotakiwa kwenda pamoja kwa kadi moja. Klementina alikuwa ameinua kadi ya ng'ombe kifuani mwake aliposikia wanawake wakiguna. Kisulisuli kiliinuka upande wa kisima, kikaja uwanjani kikizunguka na vumbi na majani makavu. Kila mtu alifumba macho. Kilipita, kikaenda zake. Klementina alipofumbua macho yake, filimbi ilikwisha kulia.

"Nenda," alisema kwa mazoea.

Maftaha alikimbia kama mshale hadi mti wa ng'ombe, akasimama wima kama askari. Sikuzani alimfuata. Mayala alipiga hatua chache, kisha akasimama katikati ya uwanja.

Ndipo Klementina alipoona. Mti wa ng'ombe ulikuwa mtupu. Kipande cha uzi wa katani kilining'inia, na kadi haikuwapo.

Angeweza kunyoosha kidole. Mkono wake ulianza kuinuka, akaurudisha. Pale alipopazoea Mayala, kwenye mti wa ng'ombe, wenzake wote wawili walisimama. Mtoto mwingine angewafuata tu. Yeye alitazama ule mti. Akatazama kadi kifuani mwa mwalimu. Akageuka polepole, akautazama uwanja wote, nyumba, samaki, wanawake, kisima, wazee. Wazee walianza kunong'ona. Mmoja wao, aliyekuwa na mtoto aliyekosa nafasi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu amepotea." Nyuma ya wanawake, Kornelia alijifunika uso kwa upande wa kanga.

Mayala akaondoka. Hakukimbia, alitembea kama siku ile, mwendo wa mtu aliyetumwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye viti vya wazee, akapenya katikati ya magoti yao, akainama, akausogeza mguu wa babu yake. Chini ya kiatu cha Mzee Bundala ilikuwapo kadi ya ng'ombe, imeletwa na upepo, pembe yake ikiwa imechomoza nje. Mtoto aliifuta vumbi. Kisha akasimama juu yake, wima kabisa, kati ya koti la babu yake na fimbo ya mwenyekiti wa kamati, akangoja.

 Mwalimu Mkuu alikuwa na filimbi mdomoni. Aliitoa.

"Mwalimu Mkuu," mwenyekiti alisema, akimtazama mtoto aliyesimama mbele ya magoti yake, "hii ni sehemu ya mchezo?"

Boniventura alitazama mti mtupu walikosimama Maftaha na Sikuzani. Alimtazama Mayala. Klementina alimwona akiirudia kanuni yake mwenyewe kimoyomoyo, neno kwa neno, kama mtu anayehesabu ng'ombe mlangoni mwa zizi.

"Kanuni inasema aende ilipo picha," alisema hatimaye. "Haikusema aende kwenye mti. Mayala yuko mahali pake."

Maftaha alikuwa amekwisha kuelewa. Alianza kuondoka kuelekea chuma cha kengele, mabega yameshuka, huku baba yake Mustapha akimtazama kutoka kwenye mkusanyiko.

"Wewe Maftaha," Mwalimu Mkuu alimwita. "Unakwenda wapi?"

"Nimekosea, Bwana Mkuu."

Boniventura alikohoa. Alimtazama Klementina kwa mkato, kisha akatazama mbele. "Mchezo huu haumtoi mtu. Rudi mstarini, ujaribu tena."

Wazee walicheka, na kicheko chao hakikuwa na ubaya. Yule aliyesema "amepotea" aliinama, akaitazama kadi chini ya nyayo za Mayala, kisha akamuuliza Mzee Bundala kama kweli hakuisikia chini ya kiatu chake. Kornelia alikwisha kufunua uso, wala hakuwa tena nyuma ya wanawake. Alikuwa mbele yao, amesimama.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu Mkuu alipita karibu na Klementina, akasema bila kusimama, "Muhula ujao, mwalimu, kadi hizo zigongelewe misumari. Hatuwezi kuwakimbiza watoto hadi kwenye mapaja ya kamati."

"Muhula ujao, Bwana Mkuu?"

"Nimesema hivyo." Akaenda zake kuwaaga wageni.

Klementina aliitwaa kadi ya ng'ombe, akaipangusa kwa kanga. Tayari alikuwa akijiuliza kama hesabu nazo zingeweza kufungwa mtini. Mzee Bundala alimjia, amemshika mjukuu wake mkono, akaitazama ile picha kwa mara nyingine, akiisogeza mbali na macho.

"Wabeja, mayu," alisema. "Nimekushukuru. Ila sikio la kushoto umelikosea. La kwetu lina mkato."

"Nitalirekebisha, guku."

"Tena," alisema Mayala, akamwonyesha mwalimu mstari.